Papa wa nyumbani yuko kwenye jopo: nimsalimu namna gani?

*Mama mshauri, jambo yako.*

*Mimi ni binti wa miaka 27, naishi na mama huku Kadutu, Bukavu. Nilisoma usimamizi wa fedha na kwa sasa nafanya kazi za hapa na pale za kuandika hesabu za maduka. Nimeitwa intavyu ya msaidizi wa fedha katika shirika moja lenye ofisi upande wa Muhumba. Testi ya kuandika nimepita. Maswali ya kazi siyaogopi. Ninachoogopa ni dakika zile za mwanzo, tangu getini hadi nitakapokaa kwenye kiti.*

*Mwaka jana niliitwa kwingine. Niliingia, nikaona watu wanne mezani, nikaanza kuzunguka nikiwapa mkono mmoja mmoja, nimekunja goti kidogo na mkono wa kushoto nimeshika kiwiko, kama tulivyofundishwa nyumbani. Wa kwanza alishtuka kwa sababu alikuwa anaandika. Wa tatu, baba mmoja mwenye kofia ya Kiislamu, aliweka mkono kifuani akatabasamu, na mkono wangu ukabaki hewani. Tangu hapo kichwa changu kilipotea. Swali la kwanza waliniuliza mara mbili.*

*Safari hii kuna jambo zito zaidi. Mmoja wa wakubwa wa shirika hili ni mume wa shangazi yangu mdogo. Kwetu tunamwita Papa. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyesimamia matanga, na mwaka wangu wa mwisho wa masomo alinilipia nusu ya minervali. Nimesikia kwamba mara nyingi anakaa kwenye jopo la kuajiri watu wa fedha.*

*Mama anasema nikimkuta nimsalimu kama siku zote, kwa mikono miwili na macho chini, maana nikimpita kama mtu wa barabarani shangazi atasikia na familia itasema kazi imenipandisha kichwa kabla sijaipata. Rafiki yangu anayefanya kazi Goma anasema nijifanye simjui kabisa, niingie kichwa juu, nimpe kila mtu mkono wa nguvu na kumtazama machoni. Kila mmoja ananionyesha hatari ya ushauri wa mwenzake, na mimi naona wote wana haki.*

*Nikifungua mlango na kumkuta pale, nifanye nini na mkono wangu, magoti yangu na mdomo wangu?*

*Mwenye wasiwasi, Kadutu*

Jibu

Mwanangu, jambo yako pia. Nimekaa upande wa pili wa meza hizo mara nyingi, kwa hiyo nitakujibu kama mama na pia kama mtu aliyeshika kalamu huku akimtazama kijana akiingia mlangoni.

Kabla ya magoti na mkono, nina swali. Ulipoomba kazi hii, ulijaza fomu? Mashirika mengi huweka mahali fulani swali dogo, mara nyingi karibu na mwisho, panapouliza kama una ndugu au mtu wa karibu anayefanya kazi kwao. Uliandika nini? Nakuuliza hivyo kwa sababu naona wewe, mama yako na rafiki yako mnabishana juu ya salamu wakati uzito uko penye ile karatasi. Kama uliandika ndiyo, ukataja jina lake, unaweza kumsalimu Papa bila kuficha lolote, na atakayeona kwamba mnajuana atakuwa ameona kitu ambacho tayari kiko kwenye dosie. Kama uliandika hapana, au uliliruka lile swali, basi hata salamu ya baridi kabisa haitakufunika. Bukavu ni mji mkubwa kwa ramani tu. Dereva wa shirika, mhasibu, binti wa resepsioni, mmoja wao alikuwa kwenye yale matanga ya baba yako.

Na jambo lingine uliulize moyo wako. Una hakika kwamba atakaa pale? Katika mashirika yenye utaratibu, wanajopo hupewa majina ya watakaoitwa kabla ya siku yenyewe, na kila mmoja hutakiwa kusema kama ana uhusiano na yeyote kati yao, mara nyingi kwa kusaini karatasi. Anayesema ndiyo huondolewa, au hubaki bila kumpa alama yule ndugu yake. Inawezekana Papa ameshaliona jina lako, ameshasaini, na siku hiyo atakuwa zake Uvira kwenye mradi. Unapoteza usingizi kwa ajili ya mlango ambao huenda hayuko nyuma yake. Lakini sitaki ujitegemeze hapo. Tuchukulie atakuwepo.

Tuanze na getini, maana huko ndiko ulikoharibikiwa mwaka jana bila kujua. Mkono ule ulibaki hewani kwa sababu uliingia na mpango mmoja wa kusalimu, ukakuta chumba kina mpango mwingine. Mtu aliyetulia angegeuza ule mkono, na utulivu huo huanza kujengwa nje.

Fika robo saa kabla. Ukifika saa nzima kabla, unawapa kazi ya kukutafutia mahali pa kukaa, na kwa mvua za huku kwetu utakuwa umekaa na viatu vyenye tope mbele ya kila anayepita. Kutoka Kadutu kwa pikipiki, chukua kitambaa cha kufutia viatu, ufute kabla hujagonga geti. Sentineli atakufungulia dirisha dogo. Wengi wanaotafuta kazi wanakosea hapa: wanaanza na jina la mtu wanayemtafuta, kama wanaita deni. Anza na salamu, ungoje ijibiwe. "Jambo papa, habari ya asubuhi?" Akishajibu ndipo unasema jina lako, kwamba umeitwa intavyu, na saa uliyopewa. Atakupa daftari uandike jina, saa na namba ya simu, na huenda akashika kadi yako ya uchaguzi akupe beji ya wageni. Ivae beji hapo hapo ionekane. Usiishike mkononi, mkono huo utauhitaji.

Halafu kuna ndoo ya maji yenye klorini. Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyofika Goma Julai 2019 na mwezi uliofuata ikaonekana hata Mwenga kwetu hapa Kivu Kusini, ofisi nyingi hazijaondoa ndoo zile getini, kisha Korona na mpox zikaja kuzipa sababu mpya. Nawa. Lakini uwe na leso yako ukauke vizuri hadi katikati ya vidole. Nimeshapokea mikono mingi yenye maji ya ndoo, na anayekupa mkono wa namna hiyo huona haya kabla hajafungua mdomo. Klorini pia huacha harufu na ngozi kavu, kwa hiyo jisugue mafuta kidogo nyumbani, si kwenye ua wa ofisi, maana mafuta mabichi nayo huteleza.

Resepsioni ni vile vile: salamu kwanza, jina, nafasi unayoombea, saa. Akiwa kwenye simu, simama hatua moja nyuma ya meza yake na umsubiri. Utamwitaje? Kama ni mama wa makamo, "mama" inatosha na inapendeza. Kama ni binti wa rika lako, "dada". Wanaofika na "wee" au na kidole kwenye kioo hujulikana. Sisemi kwamba kila resepsioni hutoa ripoti, lakini nimeona mwenyekiti wa jopo akitoka kwenda kunywa maji na kuuliza, "Yule wa tatu amekaaje hapa?" Jibu lake halikuandikwa popote, na likasikika.

Ukikaa kungoja, utakuta waombaji wenzako. Wasalimu wote kwa pamoja. Simu uizime, si kuipunguza sauti tu. Faili yako na mkoba viwe upande wa kushoto tangu mwanzo, ili ukiitwa mkono wa kulia uwe huru. Naona wengi wanasimama kwa haraka, faili kulia, mkoba kulia, wanafika mlangoni na kuanza kuhamisha vitu kama mtu anayeshuka kwenye boti na mizigo.

Sasa mlango. Gonga, ngoja uitwe, ingia, funga bila kuwapa mgongo wote. Simama hatua mbili ndani. Toa salamu moja kwa chumba chote, kwa lugha ya tangazo la kazi. Kama tangazo lilikuwa kwa Kifaransa, ni Kifaransa: bonjuru kwa wote, na kichwa kuinama kidogo. Kisha usiende popote. Tulia pumzi moja uone wao wanafanya nini.

Hapo ndipo mama yako na rafiki yako wanakutana, ingawa hawajui. Kwetu mdogo hamkimbilii mkubwa na mkono ulionyooshwa, mkubwa ndiye anayeutoa. Na adabu ya Kifaransa ambayo ofisi zetu zimeirithi inasema hivyo hivyo: mwenye cheo au mwenye nyumba ndiye anayeanza kutoa mkono, na mgeni anaupokea. Kwa hiyo kuzunguka meza kama ulivyozunguka hakukuwa adabu ya nyumbani wala adabu ya ofisi. Mtu akiandika, mwache aandike. Meza ikiwa pana, usilale juu ya karatasi zao ili ufike upande wa pili. Jopo likibaki limekaa na mwenyekiti akakuonyesha kiti, salamu imeisha, ni kamili, hakuna aliyekudharau. Mwenyekiti akisimama na kutoa mkono, unaupokea, halafu unafuata kwa mpangilio wa viti, kila anayeutoa unampokea, asiyeutoa unamwinamia kichwa. Aliyeweka mkono kifuani, nawe weka wako kifuani. Yule baba wa mwaka jana hakukukataa. Wanaume wengi wa Kiislamu hawagusi mkono wa mwanamke asiye wa nyumbani kwao, na ile aliyokupa ilikuwa salamu nzima yenye tabasamu lake.

Mkono wenyewe sasa. Rafiki yako amekuambia wa nguvu, na hakubuni. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, uliofanywa kwa wanafunzi 98 waliopitia intavyu za mazoezi. Waliotoa mkono mzuri, wenye kushika kikamilifu na kumtazama mtu, walielekea kupendekezwa zaidi kwa kazi. Wanawake kwa wastani walipewa alama ndogo kwa mkono wao, lakini hawakupewa alama ndogo kwa kufaa kwao kazi, na mwanamke mwenye mkono imara alionekana kufaidika nao hata kuliko mwanaume. Mimi naupokea utafiti ule kwa kiasi, maana ni wanafunzi, ni mazoezi, na Iowa si Ibanda. Huku kwetu mzee anaweza kuona mkono wa kubana wa binti kama ubishi. Unachoweza kuchukua pale ni hiki: kiganja kikutane na kiganja, mpaka pale kidole gumba kinapoanzia, ubane kiasi cha mtu anavyokubana, sekunde mbili au tatu, uachie. Vidole vitatu vilivyolegea vinavyoteleza kabla mtu hajavishika, hivyo havimpendezi yeyote, hata mzee wa kijijini.

Na mkono wa kushoto chini ya kiwiko? Hapa sitakukataza. Wakongomani wote watakaokuwa pale wataelewa maana yake. Mgeni kutoka nje huenda asielewe, lakini haitamuudhi. Kuhusu goti nina wasiwasi kidogo, kwa sababu ya kimwili tu: ukikunja goti na faili kwapani, macho yanakwenda chini, mwili unayumba, na mwenzako anaushika mkono unaoshuka. Kuinamisha kichwa kunasema neno lile lile na miguu inabaki imara. Ila goti lako ni lako. Kama limekuingia mwilini kiasi kwamba ukilizuia utasimama kama mti mkavu, likunje kidogo. Lakini kama unalikunja, lifanye kwa wote.

Na hapo ndipo tunamfikia Papa.

Fikiria chumba. Mwenyekiti ni mama wa RH, idara ya watumishi, kulia kwake mzungu wa fedha, kushoto Papa wako, pembeni kijana wa programu anayeandika. Umewasalimu wote kwa pamoja. Mama wa RH anasimama, anakupa mkono, mzungu anakupa mkono, Papa anakupa mkono. Ukimwambia "bonjuru Papa", nani atashangaa? Umemwita sentineli papa dakika ishirini zilizopita. Mji mzima tunamwita papa kila mwanaume aliyetuzidi umri. Jina hilo halifichui kitu. Kinachofichua ni tofauti: kwamba kwa mama wa RH ulisimama wima na mkono mmoja, kwa mzungu vivyo hivyo, kisha kwa Papa ukashuka, mikono miwili, macho sakafuni. Chumba kizima kitaona ule mshuko. Kijana anayeandika atainua kichwa. Na wa kwanza kuona haya atakuwa Papa mwenyewe, kwa sababu wenzake watamgeukia.

Rafiki yako naye ana hatari yake. Kujifanya humjui ni kazi nzito kuliko anavyodhani. Utampita kwa macho, sauti itakuwa kavu kwake tu, na hiyo nayo ni tofauti. Tena mwenyekiti akiuliza baadaye kama mnajuana, utakuwa umeshaigiza mbele ya watu wote wanne kwamba hapana. Katika kazi ya fedha, mwanangu, hilo ni baya kuliko kuwa na ndugu.

Kwa hiyo njia moja ni usawa: adabu ile ile, kimo kile kile, kwa kila mmoja wao, na Papa aipate kama wenzake. Hatari yake iko nyumbani. Mama yako anaogopa shangazi atasikia. Lakini najiuliza, nani atampelekea shangazi habari? Waliokuwa chumbani ni wanajopo, na kati yao anayekwenda kwa shangazi jioni ni mmoja tu. Yeye anajua desturi za ofisi yake kuliko sisi sote. Umewahi kumwona Papa kazini? Namna anavyosalimiana na watu wa kanisa lake wakifika ofisini ingekuambia mengi. Inawezekana mnamwogopea hasira ambayo hana.

Na kama yeye ndiye ataanza? Kuna wazee ambao hawawezi kujizuia. Atasimama, atacheka, "Karibu mwanetu, mama hajambo?" Hapo usimwache na salamu yake hewani, unajua inavyouma. Mjibu kwa sentensi moja, "Hajambo Papa, asante," kisha umgeukie mwenyekiti. Usirudishe swali la shangazi wala la watoto. Salamu zetu za nyumbani zina mizunguko mingi, na hiyo mizunguko ndiyo inayogeuza chumba kuwa sebule. Mzunguko mmoja unatosha, mlango ufungwe hapo.

Njia nyingine ni kusema mapema. Kabla ya siku yenyewe, unawaandikia RH imeli ya mistari mitatu: nimepokea mwaliko, nashukuru, na ningependa mjue kwamba fulani anayefanya kazi kwenu ni mume wa shangazi yangu. Bila maelezo, bila kuomba aondolewe. Faida yake ni kwamba unaingia chumbani ukiwa mwepesi. Hatari zake ni za kweli pia. Papa anaweza kuondolewa kwenye jopo na akahisi umemshtaki. Ikiwa yeye hakusema uhusiano huu na wewe umeusema, umemweka pabaya mbele ya wakubwa wake. Kwa hiyo wengine wangempa habari kwanza, si kumwomba chochote, kumjulisha tu: "Papa, nimeitwa, nitawaandikia RH kwamba tunahusiana." Lakini hata simu hiyo ina sura mbili. Mtu akiisikia nusu yake atasema binti alimpigia mwanajopo kabla ya intavyu. Kama utaipiga, iwe fupi, na maswali ya intavyu yasitajwe hata kwa utani.

Naona umeandika ile habari ya minervali haraka haraka, kama kitu cha kupita. Mimi ningesimama hapo. Ulipewa au ulikopeshwa? Kama ni deni na halijalipwa, kwa jicho la watu wa fedha linaweza kuwa uhusiano mzito kuliko ndoa ya shangazi, maana mwanajopo anayekudai ana sababu ya kutaka upate mshahara. Fomu nyingine huuliza waziwazi juu ya fedha kati ya watu, nyingine huuliza ndugu tu. Soma maneno yaliyomo kwenye fomu yako kama yalivyo, usiyapunguze wala kuyaongeza.

Kuna wanaochagua kusema pale pale mezani, katika maneno ya kwanza. Inawezekana, na inaonyesha uso mkavu. Lakini maneno ya kwanza ni machache na yana kazi yake. Mwenyekiti akishakukaribisha na kukuonyesha kiti, kaa, weka faili mapajani au mezani upande wako, na useme jina lako lote kwa mpangilio ulio kwenye sivi, jina, jina la pili, kisha la ubatizo, ili yule anayeandika asitafute. Kisha nafasi unayoombea na asante ya kukuita. Sekunde kama kumi na tano, basi. Ukiongeza hapo habari ya shangazi, dakika ya kwanza yote itakuwa ya Papa badala ya yako, na mama wa RH atalazimika kusimamisha kikao aamue jambo ambalo lilikuwa na mahali pake wiki iliyopita. Hata hivyo, kama hukuandika kwenye fomu, imeli hukutuma, na umefungua mlango ukamkuta, afadhali hapo kuliko kutosema kabisa.

Utaona sijakuambia uchague ipi. Sijui fomu yako inasema nini, wala simjui Papa. Wewe unajua kama ni mtu wa kucheka jambo likisemwa wazi au wa kuweka kinyongo, na unajua mama yako atavumilia kiasi gani maneno ya shangazi.

Karatasi zile za alama ambazo mashirika hutumia, ambapo waombaji wote huulizwa maswali yale yale na kupewa namba kwa kila jibu, kwa kawaida hazina mstari wa salamu. Hakuna atakayekupa tatu juu ya tano kwa kiwiko. Salamu inaingia kwa mlango mwingine: inaathiri jinsi unavyojibu swali la kwanza, na jinsi wanavyolisikiliza. Mwaka jana swali hilo liliulizwa mara mbili kwa sababu akili yako ilikuwa bado kwenye mkono. Ndiyo maana ningependa ufanye mazoezi na mtu, si kichwani. Mweke mama yako kwenye kiti kama mwenyekiti, mdogo wako kama yule anayeandika, ingia mlangoni kwenu na faili kushoto, na mara moja waambie wasikupe mkono kabisa, mara nyingine mmoja aweke mkono kifuani, mara nyingine mama ajifanye Papa na kuanza habari za nyumbani. Jibu kisha ukae, useme jina lako, na mdogo wako akuulize papo hapo swali la hesabu, tuseme jinsi unavyolinganisha daftari la kasa na fedha zilizomo. Ukiona jibu linatoka bila kusitasita, mwili umeelewa.

Na kama mwenyekiti atakutazama, kisha amtazame Papa, na kuuliza, "Mnajuana?", jibu ni sentensi moja, ukimtazama yeye aliyeuliza: "Ndiyo mama, ni mume wa shangazi yangu." Kama uliandika kwenye fomu, ongeza kwamba uliandika. Halafu nyamaza ungoje swali linalofuata, hata kimya kikirefuka. Papa akitaka kuongeza neno, ataongeza mwenyewe.

Jambo la mwisho nalisema kwa mama yako kupitia kwako. Kati ya intavyu na majibu, asiende kwa shangazi na kuku wa asante, wala asimpigie Papa simu kuuliza umefanyaje. Najua atatamani. Mwombe aahirishe salamu hizo hadi barua itoke, iwe ya ndiyo au ya hapana, ndipo mwende wote wawili, na siku hiyo goti ulikunje hadi chini kama unavyopenda.